Bei ya Kuvaa Mara Moja

Mume wangu Nyangau anapenda viatu vya kutazamwa. Kutembea navyo ni habari nyingine. Sisemi haya kumsengenya. Yeye ni shemasi, mimi ni mke wa shemasi, na kanisa letu lote pale Oyugis limemwona akipita na sahani ya sadaka macho yakiwa chini, mtu angedhani ni unyenyekevu, kumbe anaangalia ncha za viatu vyake.

Mwaka ule wa tisini na sita, mwezi wa Julai, tuliuza ndama dume. Tukalipa karo ya binti yetu Emmah, tukanunua mbolea, tukabakiwa na shilingi elfu moja na mia mbili. Tulikuwa tumekubaliana mapema kwamba kitakachobaki ni cha viatu. Hatukuwa tumekubaliana ni viatu vya nani.

Mimi nilijua ni vyangu. Nauza ndizi sokoni Oyugis siku zote isipokuwa Sabato, na siku ya soko la Kosele nahamia huko. Nasimama tangu asubuhi. Miguuni nilikuwa na viatu vya plastiki vya shilingi tisini, rangi ya waridi, vile ambavyo vikimaliza wiki tano vinapasuka pembeni na kuanza kukutafuna. Kisigino changu cha kulia kilikuwa na kidonda kisichopona. Kila kilipotaka kufunga, nilinunua jozi mpya, nayo ikakifungua upya. Huko Kosele nilikuwa naondoka saa nane mchana, wakati wanunuzi wenye pesa ndio kwanza wanafika, kwa sababu sikuweza kusimama tena. Ndizi nilizorudi nazo ziliivia nyumbani zikaliwa bure. Niliona wazi kwamba mvua zikirudi zinikute na kisigino hicho, soko nitaliacha, na soko ndilo lililokuwa likituvusha mwisho wa kila mwezi.

Dukani kwa Gichana, karibu na steji ya matatu, palikuwa na viatu vya kike vya ngozi. Soli imeshonwa kwa uzi, mbele pana, unafunga kwa kamba. Bei elfu moja mia moja na hamsini. Nilikuwa nimevipitia mara nyingi hadi Gichana akaacha kunikaribisha. Sasa katika rafu hiyo hiyo, juu kidogo, palikuwa na viatu vyeusi vya kiume vilivyochongoka mbele, vinang'aa kiasi cha kujiona meno. Hivyo vilikuwa elfu moja na mia mbili kamili. Unaweza kukisia mwenyewe nani alikuwa anavipitia.

Sabato moja akaja mhubiri mgeni wa mambo ya uwakili, yaani yale mafundisho ya kutunza vizuri alichokupa Mungu. Alitufundisha jambo ambalo sikuwahi kulisikia kanisani. Alisema tusiulize nguo ni pesa ngapi, tuulize kila tunapoivaa mara moja tumelipa ngapi. Unachukua bei, unagawa kwa mara utakazovaa. Koti la mia sita ukilivaa mara mia tatu, kila mara umelipa shilingi mbili. Koti la mia moja ukilivaa mara kumi likachanika, kila mara umelipa shilingi kumi. "Ghali ni lipi?" akauliza. Mimi nilikaa pale kisigino kinapwita nikasema moyoni, Mungu amenitumia mtu wangu. Kumbe kiti cha pili kutoka kwangu mume wangu alikuwa anasema vilevile.

Jioni alisogeza sahani akaanza kuhesabu kwa kidole juu ya meza.

"Mama Emmah, sikiliza. Vile vyeusi vya Gichana. Sabato ziko hamsini na mbili kwa mwaka. Maombi ya Jumatano, hamsini na mbili nyingine. Mazishi, harusi, vikao vya wazee, wageni, tuweke arobaini na kitu. Hiyo ni mia moja na hamsini. Ngozi ile itakaa miaka kumi. Mara elfu moja na mia tano! Ukigawa, kila nikivaa nalipa senti themanini."

"Senti themanini," nikasema.

"Na wewe viatu vyako vya tisini unavaa siku thelathini vinakufa. Shilingi tatu kila siku! Mke wangu, unatufilisi na hiyo plastiki yako."

"Kweli kabisa, Baba Emmah. Tufanyeje?"

"Tununue vyangu," akasema, uso mkavu kabisa.

Nilikasirika hadi nikacheka. Mtu amekaa kwenye meza yangu, amekula ugali wangu, amethibitisha kwa hesabu safi kwamba mimi ndiye ninayepoteza pesa, halafu dawa yake ni mimi niendelee kupoteza ili yeye ang'ae makambini. Makambi yetu, ile mikutano ya mwezi wa nane ambapo makanisa yote yanakusanyika, yalikuwa yamebaki wiki chache tu. Hapo nikajua vita ni vya kweli.

Alhamisi iliyofuata nilimmwagia yote Pamela. Pamela anauza omena, vile visamaki vidogo vya ziwani, kando yangu, ni Mjaluo wa hapo hapo Kasipul, na hajawahi kusikiliza habari ya mume wa mtu bila kuacha kupima.

"Nyar Kisii," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, binti wa Kisii, "huyo hajagawa. Huyo ameota."

"Lakini hesabu yake ni sawa, Pamela. Nimeirudia."

"Hesabu iko sawa, donge, ama si hivyo? Bei iko kwa duka, hiyo hakuna mtu anaweza danganya. Uongo inaingilianga kwa zile siku za kuvaa. Wewe niambie, viatu ya mwisho alinunua ni gani?"

"Vya kahawia. Mwaka wa tisini na tatu. Mia nane."

"Amevaa mara ngapi?"

Nikahesabu kwa vidole. Makambi ya mwaka ule, siku mbili. Harusi ya mdogo wake Mosoti. Halafu mazishi fulani kule Migori, ambapo alirudi miguu mitupu ameshika viatu mkononi, akasema anapunga hewa. Vilikuwa vinambana. Tangu hapo kila Sabato amevaa vikuukuu vyake vyeusi alivyooa navyo, vyenye soli iliyokwisha upande mmoja, na hajawahi kukubali kwamba vile vya kahawia vilikuwa kosa.

"Mara nne," nikasema.

"Yawa! Mia mbili kwa kila mara!" Pamela akapiga makofi. "Kwa hiyo pesa angekodisha gari. Sasa sikia. Mtu akitaka kujua siku atavaa kiatu mpya, asitazame mbele. Atazame ile iko chini ya kitanda."

Nilirudi nyumbani nikatazama chini ya kitanda. Boksi lilikuwa pale, kifuniko kimesukumwa kando. Nilipolivuta, kitu kikanidonoa mkono. Kuku wangu mwekundu, ambaye nilidhani amechukuliwa na mwewe, alikuwa ameketi juu ya kiatu cha kahawia cha kushoto ametulia kabisa. Chini yake mlikuwa na mayai, na moja lilikuwa tayari limeanza kupasuka. Kuku hulalia mayai wiki tatu. Na shemasi wangu alikuwa ameniambia kwamba viatu vya bei huwa anavivaa kila inapobidi!

Nilirudisha boksi pole pole. Nikaenda kupika huku naimba.

Kwetu sisi viatu vya Sabato hung'arishwa Ijumaa kabla jua halijazama, maana likizama kazi imekwisha. Ijumaa ile nilimngoja Nyangau atoke kazini. Yeye huendesha kinu cha kusagia mahindi cha Mzee Ratemo pale nyuma ya soko, na hurudi mweupe nyusi hadi masikio. Alipooga nikamletea brashi mwenyewe.

"Baba Emmah, nimetafakari yale mahubiri," nikamwambia. "Kila unapovaa kiatu kinazidi kuwa rahisi, si ndivyo? Sasa vile vya kahawia vimesimama kwenye mia mbili mbili. Ni aibu. Kesho vivae, viteremke."

Alinitazama kwa shaka. Lakini angesemaje? Kukataa kungekuwa kukubali kwamba kuna viatu ambavyo havai. Akainama, akapenyeza mkono chini ya kitanda bila kutazama. Kelele alizopiga ziliwatoa majirani. Kuku alitoka mbio amefungua mabawa, vifaranga vinne nyuma yake, na mume wangu akabaki amekaa sakafuni na kiatu kilichojaa maganda.

"Nani ameweka kuku kwenye viatu vyangu?"

"Hakuna aliyemweka. Aliona nyumba haina mtu."

Jua lilikuwa linazama. Alikifuta kwa shati lake la kazini, kwa haraka na kwa hasira, na kesho yake akavivaa. Nisimfiche mtu, nilifurahi. Kufika kanisani alikuwa anakanyaga kama mtu anayepita juu ya miiba. Wakati wa sadaka alianza safu ya mbele akiwa shemasi, akafika safu ya nyuma akiwa mgonjwa. Kwenye ombi refu tulipopiga magoti nilimsikia akivua taratibu, akishusha pumzi. Tatizo likaja tuliposimama, kwa sababu mtu wa kiti cha nyuma alikuwa amekisukuma kimoja kwa goti kikaenda zake. Wimbo wa kufunga Nyangau aliuimba kwa sauti kubwa amesimama kwa mguu mmoja.

Jumapili alasiri tukaenda kwa Gichana, sisi wawili, na Pamela akatufuata bila kualikwa. Nilichagua alasiri makusudi. Mguu uliosimama tangu asubuhi hunenepa, na kiatu kinachokutosha asubuhi tu kitakaa boksini. Nyangau akavichukua vyeusi akavivaa ameketi.

"Vinatosha," akasema haraka.

"Simama. Tembea hadi mlangoni."

Alienda hadi mlangoni. Alirudi. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Ngozi hufunguka," Gichana akasema. Yeye alitaka kuuza tu, iwe vyeusi, iwe vyangu.

"Hata zile ya kahawia uliambia yeye itafunguka," Pamela akasema kutoka mlangoni. "Imefungukia kuku."

Nikaona huu ndio wakati. Nikamwambia mume wangu kwamba hesabu ya mhubiri naikubali yote, ila siku za kuvaa tuzichukue mahali zilipo, si mahali tunapozitamani. Vya kahawia vimevaliwa mara nne kwa miaka mitatu, mara ya jana ikiwa ya tano. Hivi vyeusi vinabana vilevile. Lakini sina roho mbaya, nikampa kila Sabato bila kukosa, na miaka mitatu, kwa sababu baada ya hapo atakuwa ameona vingine vilivyochongoka zaidi. Hizo ni kama mara mia moja na hamsini na kitu. Elfu moja na mia mbili ukigawa hapo ni karibu shilingi nane kila Sabato. Vile vikuukuu vyake laini vinataka soli mpya tu ya mia moja na ishirini, vitampeleka miaka miwili mingine, Sabato mia moja na nne. Hiyo ni shilingi moja na senti kidogo.

"Na vyako?" akauliza.

"Mimi nasimama siku sita kwa wiki. Siku mia tatu kwa mwaka. Vikikaa miaka miwili ni mia sita. Katikati nitabadilisha soli mara moja, mia na hamsini, tuijumlishe kwenye bei. Elfu moja na mia tatu gawa kwa mia sita. Shilingi mbili na senti kumi na saba. Plastiki ni shilingi tatu. Kwa miaka hiyo miwili nitanunua jozi ishirini za plastiki, elfu moja na mia nane. Na kidonda nitapewa bure."

Gichana alikuwa ameshateremsha viatu vyangu. Lakini Nyangau si mjinga. Huyo mtu nimeishi naye, na akiwa amebanwa ndipo akili yake huamka.

"Mia sita," akasema polepole. "Mama Emmah, wewe ni mwanamke wa kanisa letu. Lini umewahi kuona mwanamke wa kanisa letu akivaa kiatu cha ngozi kipya kwenye matope ya Kosele? Utavifunga kwenye karatasi, utaviweka kwa Sabato. Sokoni utaenda na plastiki. Wewe mwenyewe siku zako ni hamsini na mbili!"

Alikuwa amenipata pabaya, maana hakuna mtu kwetu anayevaa kizuri kwenye kazi. Kizuri ni cha Bwana na cha macho ya watu, kibaya ni cha jembe na soko. Mama yangu alinilea hivyo na mama yake pia.

"Nitavivaa sokoni," nikasema. "Kila siku."

"Vizuri. Siku nitakayovikuta chini ya kitanda wewe ukiwa sokoni, naviuza, nami nanunua vyangu. Wote wawili hawa ni mashahidi."

Tukanunua. Pamela akavichukua vile vya kahawia kwa mia tatu, kwa ajili ya kaka yake anayechimba dhahabu Masara, mwenye miguu midogo. Kwa hiyo mara zile tano zilitugharimu mia tano badala ya mia nane, na hapo hapo tukapata pesa ya soli ya vikuukuu. Nyangau alivitazama vyeusi vikirudishwa kwenye rafu, akafunga shati lake kifungo cha juu, akatoka.

Sasa sikiliza nilivyofanya, mimi mshindi. Jumatatu kulinyesha. Nikavitoa viatu kwenye boksi, nikavinusa. Nikavivaa nikatembea kutoka kitandani hadi kabatini. Ngozi ilikuwa inang'aa, kamba bado zimekunjana kama zilivyotoka kiwandani. Nikatazama nje, njia yote ni tope jekundu. Moyo ukakataa. Nikajiambia nitaanza kesho, pakikauka. Nikavirudisha nikavaa plastiki. Jumanne nayo palikuwa na umande mwingi. Usicheke.

Jumatano ni siku ya kwenda Kosele, na asubuhi ile niliinua kapu la ndizi, nikapeleka mguu mlangoni mahali plastiki hukaa. Hapakuwa na kitu. Nilitafuta jikoni, nikatafuta chooni, nikamwita Emmah, naye hakujua lolote. Nyangau alikuwa amekwisha kwenda kinuni. Kitandani, juu ya shuka, boksi la viatu vyangu lilikuwa wazi, na kamba zilikuwa zimelegezwa tayari kwa kuvaliwa.

Nilimtukana mwanaume yule kwa lugha ya kwetu kutoka mlangoni hadi barabarani. Ningeweza kwenda pekupeku, lakini Kosele si karibu na kidonda kilikuwa wazi. Nikavivaa. Nilipokanyaga tope la kwanza nililia machozi ya kweli, mtu mzima, mama wa mtoto anayesoma sekondari, nalilia kiatu. Tope lilipanda hadi kwenye kamba. Hadi nafika sokoni rangi ilikuwa imepotea kabisa, na wanawake wa viazi wakanitazama kana kwamba nimefua kwa maziwa.

Saa nane ikapita sikuijua. Niliijua saa tisa, Pamela, ambaye naye huhamishia omena yake Kosele, aliponiuliza mbona bado nipo. Nilikuwa nimesimama. Niliuza hadi kapu likabaki majani matupu, kwa wale wenye pesa niliokuwa nawaacha kila wiki, nikarudi nyumbani napiga hatua ndefu. Nilipovua, kisigino kilikuwa kikavu. Nilikaa kitandani nimekishika kwa mikono miwili, na nikamsamehe Nyangau, ingawa sikumwambia siku hiyo.

Makambi yalipofika viatu vyangu vilikuwa vimeshakuwa vya soko. Nilivifuta Ijumaa, nikavipaka rangi, lakini mikunjo ilikuwa imeingia na tope jekundu lilikuwa limekaa ndani ya mshono. Nyasuguta, mke wa mzee wa kanisa, alivitazama kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi. Yeye alikuwa na vyeupe vyenye kisigino kirefu.

"Dada Mokeira," akasema, "hivi ndivyo unavyouzia ndizi?"

"Ndivyo."

"Na ndivyo umekuja navyo mbele za Bwana?"

Kabla sijajibu, Nyangau akaingilia. "Vinatugharimu shilingi mbili, dada. Hivyo vyeupe vimefika ngapi?" Nyasuguta hakuelewa, na ilikuwa heri. Kufikia ibada ya mchana alikuwa amevivua, kama nusu ya wanawake wa hema lile, na wanaume wawili watatu niliowaona wakificha miguu chini ya viti. Mume wangu mwenyewe alipita na sahani ya sadaka katika vikuukuu vyake vyenye soli mpya, anatembea kwa raha, anatazama watu usoni. Nilimwonea fahari. Nilidhani hadithi imekwishia hapo, mimi juu, yeye chini kidogo, amani nyumbani.

Wiki iliyofuata ndizi ziliisha mapema, nikakuta sima ya mchana imechelewa, nikaamua kumpelekea mwenyewe kinuni. Shule zikifungwa huwa anaenda Emmah, mimi nakuwa sokoni, na ukweli ni kwamba sikuwa nimeingia mle ndani kwa miaka. Wanawake walikuwa wamepanga madebe yao hadi nje. Kinu kilikuwa kinanguruma, unga umejaa hewani, sakafu ya saruji imelowa kwa sababu huimwagia maji kutuliza vumbi. Nikamwona mgongo wake kwanza. Halafu nikatazama chini.

Alikuwa amevaa plastiki zangu. Rangi ya waridi. Alikuwa amezikata visigino na kuzipasua mbele ili vidole vitoke, na vidole vilikuwa vimetoka kweli, vyeupe kwa unga na vimekunyata kwa maji.

Nilicheka hadi nikaweka sima chini. Wanawake wa madebe wakacheka nami, walikuwa wameshavizoea, mmoja akasema hivyo ndivyo viatu vya bwana harusi. Nyangau akageuka. Hakukasirika. Akazima kinu, na katika ule ukimya niliona miguu yake vizuri. Visigino vyote viwili vilikuwa vimepasuka, mipasuko ya kuingiza shilingi, mingine ikiwa na unga uliogandamana na damu. Kicheko kikaniishia mdomoni.

"Ulikuwa unavaa nini kabla ya hivi?" nikamuuliza.

"Kandambili. Zilikatika mwaka jana."

"Na baada ya hapo?"

Akatazama sakafu. "Hii saruji si mbaya sana. Asubuhi tu ndiyo ina baridi."

"Baba Emmah! Mtu anasimama hapa siku sita kama mimi, halafu anataka vyeusi vya kuchongoka? Kwa nini hukusema unataka vya hapa?"

"Hapa nani ananiona?" akasema, na hakuwa anatania.

Niliona uchungu ambao sikuutegemea. Siku za kisigino changu nilizigawa hadi senti ya mwisho, mbele ya mashahidi, na huyu naye alikuwa na siku mia tatu zake ambazo mimi sikuziuliza na yeye hakudhani ni za kuhesabiwa. Nikakata kamba kwenye mdomo wa gunia. Nikapiga magoti pale kwenye maji na unga.

"Ondoka chini, Mokeira, watu wanaona."

"Waone. Leta mguu."

Mama mmoja wa kanisa letu akauliza kama leo ni siku ya kutawadhana miguu, ile ibada yetu ya kuoshana kabla ya Meza ya Bwana, wenzake wakacheka tena. Nikauvua mguu wake ile plastiki, nikaufuta kwa leso yangu, nikanyoosha kamba kutoka kisiginoni hadi kwenye kidole kikubwa. Ilikuwa saa tisa mchana, mguu umevimba kama unavyotakiwa. Kwa watu wa mitumba kuna viatu vya kazi vya ngozi nzito, na pesa ya ndizi za Kosele nilikuwa nayo kiunoni.

"Utavivaa hapa," nikamwambia. "Si Sabato."

"Nitavivaa hapa."

Nikaongeza upana wa kidole kimoja mbele, nikafunga fundo, nikaiweka kamba kwenye blauzi yangu.